Haki ya Kamba Moja

Mtu akiwagawia watoto wanne maembe manne, akampa kila mtoto embe moja, hapana atakayemshtaki. Mgawo wa namna hii ni mwepesi, na wepesi wake umetuzoeza kudhani kwamba kugawa sawasawa na kugawa kwa haki ni jambo moja lenye majina mawili. Mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikawafundisha hivyo wanafunzi wangu, na yamkini wewe msomaji unaamini hivyo hata sasa. Nakuomba tulichunguze jambo hili pamoja. Hatutatumia maembe. Tutatumia vitu viwili ambavyo vilinisuta nyumbani kwetu Bamburi: tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo.

Bamburi iko bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe, jiwe lile lile ambalo kiwanda cha saruji kilianza kulisaga na kulichoma mwaka 1954. Ukichimba kisima hapa hukosi maji, lakini maji utakayopata yamepita katika jiwe hilo yakachukua chokaa yake, na kwa kuwa bahari iko karibu, yamechanganyika na chumvi pia. Ni maji ya kuoshea sakafu na choo, na ya kujimwagia mwilini kabla ya kujisuuza kwa maji mengine. Hayafai kwa sabuni. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu. Huganda ikawa utando mweupe unaoelea juu ya beseni na kunata katika nguo, hata shati jeupe likageuka kijivu na kola yake ikakakamaa. Tena chumvi inayobaki ndani ya uzi huvuta unyevu wa hewa, na nguo uliyoianua kavu jioni utaishika mbichi usiku. Maharagwe nayo hayalainiki katika maji haya, uyachemshe utakavyo.

Maji matamu ni ya mfereji. Upande wetu wa kaskazini huyapata kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, ambako huvutwa kutoka chini ya ardhi kwa mashine na kuletwa kwa bomba. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na maji yanayofika hayawatoshi, kwa hivyo hutolewa kwa zamu. Katika wakati ninaousimulia, zamu yetu ilikuwa usiku wa Jumatano. Tulikuwa na tangi la lita 1,000 na mapipa matatu ya lita 200 kila moja. Hizo ni lita 1,600, na hazikuongezeka hata kata moja mpaka Jumatano ya pili.

Nyumbani tulikuwa watu 14. Alikuwapo mama yetu, ambaye sote tulimwita Bibi kama walivyomwita wajukuu zake. Kaka yangu mkubwa alikuwa na mkewe na kijana wao mmoja aliyekwisha kumaliza shule. Kaka wa pili alikuwa na mkewe na watoto wanne wa shule. Mimi, wa mwisho, nilikuwa na mke wangu, mtoto mmoja wa shule, na mwingine mchanga wa miezi mitatu. Uani palikuwa na kamba moja ya mita 10, iliyofungwa kutoka mnazi hadi nguzo ya jiko. Huenda ukauliza kwa nini tusifunge kamba ya pili. Tulifunga. Lakini sehemu iliyobaki ya ua ilikuwa kivulini mwa ghorofa ya jirani mchana kutwa, na nguo zilizoanikwa huko zilikauka kwa shida na kunuka uvundo. Kamba ni jina tu, msomaji. Kitu tulichokuwa tukikigawana hasa kilikuwa jua.

Wanawake wa nyumba walipoanza kugombania kamba hiyo, niliombwa niandike ratiba, kwa kuwa mimi ni mwalimu na hati yangu ni nzuri. Nilichelea sana kuonekana nampendelea mke wangu. Kwa hivyo nilichukua karatasi na rula nikagawa juma kama maembe. Ijumaa hapana kufua. Siku sita zilizobaki niliwapa wakazamwana watatu siku mbili mbili, nikianza kwa umri kama ilivyo adabu: mkubwa Alhamisi na Jumatatu, wa kati Jumamosi na Jumanne, mdogo Jumapili na Jumatano. Mwenye siku alikuwa na kamba yote na alichota maji ya kufulia kwa kiasi kilicho sawa na cha wenzake. Niliibandika karatasi hiyo katika mlango wa jiko, na moyoni nikajiona kadhi.

Haikupita miezi miwili kabla sijaona makosa yake. Kosa la kwanza ni hesabu niliyokuwa sikuifanya. Kunywa na kupika kulitaka mitungi minne ya lita 20 kila siku, yaani lita 80. Kila mtu alipewa lita 5 za maji matamu za kujisuuza baada ya kuoga kwa maji ya kisima, na kwa watu 14 hizo ni lita 70. Vyombo vilitaka mtungi mmoja. Jumla ni lita 170 kwa siku, na kwa siku saba ni lita 1,190. Zilizobaki kwa kufulia ni lita 410 kwa juma zima. Walakini kila mwanamke katika siku yake alifua mafungu mawili ya nguo, na kila fungu lilitaka beseni tatu za lita 20: moja ya sabuni, ya pili ya suuzo la kwanza, na ya tatu ya suuzo la mwisho. Hizo ni lita 120 kwa siku, na kwa siku sita ni lita 720. Tulikuwa tukitumia lita 310 ambazo hazikuwapo.

Matokeo yake unaweza kuyakisia. Tangi lilikauka kila Jumanne jioni, na Jumatano, ambayo ilikuwa siku ya mke wangu, hapakuwa na maji. Tukanunua mitungi 15 au 16 kwa hamali wa mkokoteni, naye hupandisha bei anapojua kwamba mtaa mzima umekauka. Nilikuwa nimempa kila mmoja siku mbili, lakini siku si sawa na siku. Alhamisi ina tangi lililojaa, Jumatano ina mlio wa kopo linalokwaruza sakafu ya pipa.

Kosa la pili lilikuwa zito kuliko hilo. Mke wa kaka mkubwa, mwenye watu watatu wazima, aliimaliza kazi yake kabla ya saa nne asubuhi, na nusu ya kamba ikabaki tupu mpaka jioni. Hakuna aliyethubutu kuitumia, kwa kuwa karatasi ilisema siku ni yake. Mke wangu alikuwa na nepi za kila siku, na nepi haingoji Jumapili. Akawa anazifua alfajiri kwa maji ya kisima na kuzitandaza juu ya nyasi nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua halifiki. Mimi niliziona nikapita. Sasa, katika nchi zetu yuko inzi anayependa kutaga mayai katika nguo mbichi iliyo kivulini au chini. Mayai yakianguliwa, mabuu yake huingia katika ngozi ya mwenye kuivaa nguo ile. Yaliyotupata ni hayo. Mtoto alitoka uvimbe mdogo mgongoni, mwekundu, wenye kitundu katikati, na usiku alilia kilio kisichonyamazishwa na ziwa. Mwuguzi aliupaka mafuta mazito, akangoja, kisha akautoa funza. Alituambia tuziauke jua kamili nepi zote na kuzipiga pasi yenye moto pande mbili, kwa kuwa moto wa pasi huua mayai.

Tuliporudi nyumbani mke wa kaka wa kati alikuwa amekwisha kusema mbele ya wote kwamba mdogo wake angeweza kuomba nafasi. Mke wangu akajibu, "Dada, ningeomba kwa nani? Kwa karatasi?" Bibi alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Mwanangu, wewe uligawa siku. Hukugawa uchafu."

Maneno hayo yalinishinda. Usiku ule niliubandua mgawo wangu, na kesho yake, badala ya kuandika, niliketi uani nikatazama watu wanavyofua. Naona haya kukuambia kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitazama kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimepanga kazi nisiyoifanya.

Niliona jambo moja ambalo kila mwenye kufua analijua. Maji ya suuzo la mwisho hayachafuki ila kidogo. Yanafaa kuwa suuzo la kwanza la fungu linalofuata, na maji ya suuzo la kwanza, yenye mabaki ya povu, yanafaa kuwa maji ya sabuni ya fungu hilo hilo. Ikiwa mafungu yatafuatana bila kukatika, fungu la kwanza hutaka beseni tatu mpya, lakini kila fungu la baadaye hutaka beseni moja tu. Mafungu matano yanayofuliwa mbalimbali hula lita 300. Mafungu hayo hayo yakifuatana hula lita 140. Kisha maji ya mwisho, meusi na yenye sabuni, huteremka sakafuni na chooni.

Lakini hapo ndipo ulipojificha ugumu wenyewe, nami nataka uutazame vizuri. Maji yalitaka wote wafue siku moja, wakifuatana. Kamba, kwa ufupi wake, ilitaka kila mtu awe na siku yake. Na zaidi ya hayo, katika mfuatano huo yuko wa kwanza na yuko wa mwisho. Wa kwanza hupata maji safi, wa mwisho hupata maji yaliyopita katika nguo za wengine. Nani atakubali kuwa wa mwisho? Tukifuata umri, mdogo atavaa uchafu wa wakubwa zake daima. Tukipokezana, juma moja mashati meupe ya shule yatafuliwa baada ya suruali za kazi, yaharibike, na usawa wetu utakuwa umemfaidi nani?

Tulikaa jioni nzima. Aliyeufungua mlango ni mke wa kaka wa kati, mwenye watoto wanne. Alisema, "Mashemeji, maji hayaulizi nguo ni ya nani. Yanauliza ina taka kiasi gani." Kwa neno hilo siku ziliacha kuwa mali ya watu zikawa mali ya nguo. Wa kwanza katika mfuatano ni fungu lenye taka chache na rangi nyeupe, wa mwisho ni matambara ya jikoni, na katika kila fungu zimo nguo za kila chumba. Kanzu ya kaka mkubwa na kanzu yangu huingia beseni moja, na hapana aliyetangulia.

Juma letu likaanza usiku wa Jumatano, maji yalipofika. Kijana wa kaka na mimi tulikesha kwa zamu kujaza tangi na mapipa, na maharagwe yaliloweshwa usiku huo huo kwa maji matamu. Alhamisi ilikuwa siku ya kwanza ya mfuatano. Ua ulifagiliwa kabla ya nguo ya kwanza kuanikwa, kwa kuwa vumbi la ufagio hupanda juu ya nguo mbichi na kazi yote ikarudi mwanzo. Kanzu nne zilitangulia, ili ziwe tayari kwa Ijumaa. Zilifuatwa na nguo za ndani ya nyumba nyeupe, kisha leso na magauni ya rangi hafifu, kisha nguo nzito za rangi, na mwisho matambara. Maharagwe yalikuwa jikoni tangu asubuhi, kwa maana ni chakula kisichohitaji mtu wa kukisimamia, na siku hiyo mikono yote ilikuwa majini.

Kila fungu lilikula kamba kiasi cha mita tatu na nusu. Mita moja ya mwisho, upande wa mnazi, tuliitia alama ya mkaa. Hiyo ilikuwa ya mtoto kila siku, na hapana mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Zikabaki mita tisa. Katika kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, nguo nyepesi hukauka kwa saa mbili au tatu, kwa hivyo kamba ilijaa mara mbili: mafungu mawili na nusu asubuhi, mawili na nusu baada ya adhuhuri. Nguo nzito ziliwekwa karibu na ncha, na katikati kamba ikainuliwa kwa mti wenye panda. Ukiweka uzito katikati, kamba huzama na pindo la kanzu hupangusa mchanga.

Ijumaa hapakuwa na kufua, na pilau ikapikwa. Jumamosi ilikuwa siku ya pili ya mfuatano, na iliwekwa hapo kwa sababu watoto walikuwa nyumbani. Mashati matano ya shule yalitangulia, nayo yakichukua sentimita 60 kila moja hula mita tatu kamili. Baada yake zilikuja kaptura, sketi na soksi, kisha nguo za michezo ya watoto, nguo za kazi, na matambara. Maji yaliyobaki yaliosha vyumba na ujia alasiri ile ile. Tulijaribu mara moja kuyaweka mpaka Jumapili. Yalinuka kama dimbwi, na sakafu ikanuka nayo.

Jumatatu lilifuliwa fungu moja tu la shuka, lita 60. Jumanne ilikuwa siku ya samaki, ambaye aliparuliwa na kuoshwa kwa maji ya kisima kwanza, akisuuzwa kwa matamu mara moja tu. Jumatano, pipa likiwa karibu kukauka, kilipikwa chakula cha sufuria moja, aghalabu muhogo wa nazi, na wote wakala katika masinia mawili badala ya sahani 13. Tangi tupu lilisuguliwa jioni kabla ya maji kuja. Nepi zilikuwa na lita 10 zake kila siku, nje ya mfuatano, na ziliondolewa taka kwanza kwa maji ya kisima yaliyomwagwa chooni. Jumlisha mwenyewe: mifuatano miwili lita 280, shuka 60, nepi 70. Ni lita 410. Hapakuwa na ziada.

Kwa kuwa hapakuwa na ziada, kosa la mmoja lilikuwa la wote. Katika juma la tatu leso mpya, nyekundu yenye pindo jeusi, ilitiwa katika fungu la rangi hafifu. Ilichuja, na maji yaliyopaswa kusuuza mafungu mawili zaidi yakawa kama juisi ya rozela. Tulipoteza beseni mbili na magauni matatu yakabaki na madoa. Tangu hapo leso mpya ilijaribiwa kwanza: ncha yake ililoweshwa na kusuguliwa katika kitambaa cheupe, na ikiacha alama ilifuliwa peke yake mara ya kwanza na ya pili. Nguo za mgonjwa nazo hazikuingia katika mfuatano kamwe. Na nguo za siri kila mtu alijifulia mwenyewe bafuni, kwa sababu umoja una mpaka wake, na mwenye haya ana haki ya haya yake.

Usidhani kwamba wote waliridhika. Mke wa kaka mkubwa alileta malalamiko ambayo mpaka leo sijayajibu vizuri, nami nayaeleza kwako kwa sababu ni ya haki. Alisema, "Zamani nilifua nguo za watu watatu. Sasa mikono yangu inafua nguo za watu 14. Mmeokoa maji, lakini mmeyaokoa kwa mgongo wangu." Alikuwa amesema kweli. Tulipoondoa umiliki wa siku tuliondoa pia mpaka wa kazi, na mwenye nyumba ndogo akabeba sehemu ya nyumba kubwa. Kumwambia kwamba naye aliwahi kuwa na mtoto mchanga, au kwamba atazeeka, ni kumlipa kwa deni la zamani au kwa ahadi ya baadaye, na mgongo unauma leo.

Tulilotengeneza ni hili. Kazi ya kufua ina sehemu nyingine zisizo beseni: kuteka kisimani, kubeba ndoo, kukamua nguo nzito, kuanika, kuanua, kupiga pasi. Sehemu hizo zilihamishiwa kwetu wanaume na kwa kijana wa kaka. Shuka iliyolowa hukamuliwa na watu wawili, mmoja kila ncha, wakizungusha kinyume, na jambo hili lilikuwa geni kwetu hata jirani alichungulia ukutani akacheka. Mke wa kaka mkubwa alitolewa beseni ya Jumamosi, akashika jiko siku hiyo. Alisema imepungua, lakini hakusema imekwisha. Nadhani alikuwa sahihi katika yote mawili.

Kisha ikaja masika, ikatuonyesha kwamba tulikuwa tumeandika haki ya msimu mmoja. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Paa letu la mabati lina mita za mraba kama 60, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20 iliweza kututeremshia hadi lita 1,200 kwa usiku mmoja, maji laini yasiyo na chokaa, ambayo povu lake hujaa beseni kwa sabuni kidogo. Mapipa yalifurika. Lakini jua lilitoka kwa saa moja likajificha, na fungu lililoanikwa asubuhi lilianuliwa bichi jioni na kurudishwa kesho. Katika Februari tulikuwa na kamba nyingi na maji machache. Katika Mei tulikuwa na maji mengi na kamba chache. Mfuatano wa mafungu matano, ambao ulikuwa uokovu wetu, sasa ulileta rundo la nguo mbichi lisilo na pa kwenda, na rundo kama hilo huota madoa meusi ya ukungu katika siku mbili.

Basi katika masika tulirudia kitu kinachofanana na ratiba yangu ya kwanza, fungu moja au mawili kila siku, kwa kuwa maji hayakuwa tena ya kuonewa uchungu. Pepo nazo zilibadilika. Kaskazi ilikuwa ikiupeleka moshi wa jiko mbali na kamba, kusi iliurudisha juu yake, ikatubidi tupike mapema na kuanika baadaye. Mke wangu aliniuliza, akicheka, kama nilihitaji rula.

Miaka sita imepita. Mtoto yule sasa huvaa shati la shule na huanika la kwake mwenyewe, akiruka kuifikia kamba. Kijana wa kaka ameoa, na mkewe ametuletea mashauri mapya ambayo bado tunayazungumza. Bibi haondoki tena kitandani, na shuka zake hutaka kufuliwa kila siku, mara nyingine mara mbili. Hatukukutana kuamua juu ya hilo. Asubuhi moja nilimwona mke wa kaka mkubwa ameshika kipande cha mkaa chini ya mnazi. Alikuwa ameifuta alama ya zamani, akipima kwa mkono wake kutoka fundo la kamba, na alama mpya aliitia penye mita mbili.